Ndani ya Chumba cha Kujaribia Nguo: Anza na Kile Ambacho Fundi Hawezi Kukirekebisha

Nguo ya dukani ina sehemu ambazo fundi huzirekebisha kwa nusu saa, na ina sehemu ambazo hata fundi wa suti aliyekaa kwenye cherehani miaka mingi atakuambia mrudishie mwenye duka. Suruali ndefu inakatwa. Kiuno kikubwa kinapunguzwa. Lakini bega lililokatwa dogo haliongezeki, na suruali iliyo fupi kutoka msamba hadi mkandani haina pa kurefushiwa, kwa sababu kitambaa chenyewe hakipo. Wateja wengi wakiingia kujaribu huangalia yale mepesi tu: wanafunga zipu, wanatazama urefu, wanageuka mara moja mbele ya kioo, wanalipa. Baadaye nguo inaletwa kwangu ikiwa na tatizo la bega au la msamba, na huko dukani ukutani kuna karatasi imebandikwa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo mpangilio wa ukaguzi ufuate ugumu wa marekebisho. Mabega kwanza, kisha kwapa na mikono, kisha kina cha suruali, kisha kukaa na kuinama. Upana wa kiuno na urefu wa miguu viangaliwe mwisho kabisa. Nguo ikishindwa hatua ya kwanza, ivue. Usijipe kazi ya kuendelea nayo.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: mwalimu wa sekondari, mwanamke, anayetafuta shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa ya kuvaa kazini. Nimemchagua mwalimu kwa sababu siku yake ina kila mwendo unaoitesa nguo. Anashika bomba la juu kwenye daladala, anaandika ubaoni, anainama juu ya daftari la mwanafunzi, anakaa saa nzima akisahihisha.

Kabla hujavua nguo zako

Nenda na viatu utakavyovaa na nguo hiyo, au vyenye kisigino kinacholingana navyo. Vaa nguo za ndani unazovaa siku za kazi, kwa sababu sidiria tofauti hubadilisha kabisa jinsi shati linavyofunga kifuani. Toa simu, funguo na pochi mifukoni. Vua mkanda pia: mkanda huficha kiuno kikubwa na huishikilia suruali mahali ambapo yenyewe isingekaa.

Chukua saizi mbili za kila nguo, ile unayodhani ni yako na moja ya juu yake. Namba ya kwenye lebo si kipimo cha kuaminika. Kila kiwanda kina vipimo vyake, na hata suruali mbili zenye namba moja kutoka rundo moja zinaweza kupishana, kwa sababu viwandani kitambaa hukatwa tabaka nyingi kwa pamoja na kisu hakiteremki sawasawa hadi chini. Ukipata suruali inayokufaa, nunua ileile uliyoivaa. Usikubali muuzaji akuletee "nyingine mpya kama hiyo" kutoka stoo bila kuijaribu nayo.

Beba futi ya fundi, ile ya kukunja. Utaihitaji tukifika kwenye suruali.

Mshono wa bega

Tafuta kwanza bega lako linaishia wapi. Weka kidole shingoni, kipitishe juu ya bega kuelekea nje mpaka uguse ncha ya mfupa. Kama huipati vizuri, inua mkono pembeni hadi ulingane na bega. Pale mfupa unapoishia patatokea kishimo kidogo. Hapo ndipo mshono unaounganisha bega na mkono wa shati unapotakiwa kukaa. Ukipishana kwa sentimita moja hivi, hakuna ubaya.

Sasa vaa shati, funga vifungo vyote, tikisa mabega mara mbili ili kitambaa kishuke mahali pake, halafu ushushe mikono. Usilivute wala usilinyooshe kwa kiganja. Watu hulinyoosha shati mbele ya kioo bila kujua, na hapo wanakuwa wanaficha tatizo lilelile walilokuja kulitafuta.

Mshono ukishuka kupita mfupa, shati ni pana. Utaliona bonde dogo chini ya mshono, sehemu ya juu ya mkono, kitambaa kikiwa kimejikunja kwa sababu hakina kinachokibeba. Mshono ukiingia ndani ya mfupa, shati ni dogo, na dalili yake ni mistari inayovutwa kutoka ncha ya bega kuelekea kwapani au kifuani. Geuka uangalie mgongoni pia. Kama kioo kiko kimoja, mpe mwenzako simu akupige picha ya nyuma, au iweke simu kwenye kiti na upige kwa kuihesabia sekunde. Ukijisokota shingo kutazama mgongo, bega linapanda na mshono unahama, kwa hiyo unachokiona hapo si sahihi.

Koti lina jaribio lake, kwa sababu ndani ya bega lake kuna pedi inayodanganya jicho. Simama ubavu ukielekea ukutani na usogee taratibu. Mkono wako wa juu unatakiwa uguse ukuta pamoja na ncha ya koti au kabla yake kidogo. Pedi ikigusa kwanza na kubonyea, koti limekuzidi mabegani.

Kwa nini nasisitiza bega kuliko kitu kingine? Kulipunguza maana yake ni kufumua mkono mzima, kukata upya mduara wa kwapa, kisha kuurudisha mkono bila mikunjo. Kwenye shati inawezekana kwa sentimita moja au moja na nusu, kwa fundi mzuri. Kwenye koti lenye bitana na pedi ni kazi kubwa inayokaribia kulishona upya. Kulipanua ni jambo jingine kabisa: ndani ya mshono wa bega la nguo ya kiwandani kwa kawaida kuna kitambaa cha sentimita moja tu, na hicho ndicho kinachoushika mshono usifumuke. Hakuna cha kuachia. Muuzaji atakuambia, "Anti, hiyo itaachia tu ukiivaa." Fulana ya kuvutika inaweza kuachia. Shati la pamba iliyofumwa haliachii begani, linachanika mgongoni.

Mitindo mingine haina mshono kwenye mfupa wa bega. Kuna shati ambalo mshono wake umeshushwa makusudi hadi katikati ya mkono, na kuna blauzi ambayo mshono wake unatoka shingoni ukishuka mshazari hadi kwapani. Hizo huwezi kuzipima kwa mfupa. Zipime kwa shingo na mgongo: kola isikimbilie nyuma, na mgongo usijae kitambaa cha ziada.

Maliza hatua hii kwa kujikumbatia. Pitisha mikono kifuani, mkono wa kulia ushike bega la kushoto na wa kushoto ushike la kulia. Utahisi kubanwa kidogo mgongoni, hiyo ni kawaida. Ukihisi mshono wa nyuma ya kwapa unakaza kama unataka kukatika, mgongo ni mwembamba, na huo nao hauongezeki.

Kwapa, kisha mkono

Mwalimu wetu sasa anyooshe mkono juu kama anaandika sehemu ya juu ya ubao, kisha aangalie chini. Shati lolote litapanda kidogo. Swali ni kiasi gani. Likipanda upana wa vidole vitatu na kubaki limechomekwa, ni zuri. Likichomoka lote upande mmoja na kuacha kiuno wazi, tazama kwapa.

Watu wanaamini kwapa pana ndilo linalompa mtu uhuru wa kusogea. Ni kinyume chake. Mkono wa nguo umeshonwa kwenye ubavu wa nguo. Ukishonwa chini, mbali na kwapa lako, basi ukiinua mkono lazima uinuke na ubavu mzima. Ukishonwa juu, karibu na kwapa, mkono unainuka peke yake na shati linabaki limetulia. Ndiyo maana koti kubwa lenye kwapa lililoshuka linamzuia mtu kuliko koti la saizi yake. Kwapa sahihi liko karibu na mwili bila kukata: vidole viwili vilivyolala viweze kupita kati ya mshono na ngozi.

Kwapa linalobana kidogo, fundi anaweza kulishusha sentimita moja kwa kukata. Kwapa lililo chini sana hawezi kulipandisha, kitambaa kimeshaondoka.

Sasa urefu wa mkono. Shusha mikono, angalia kile kifupa cha kifundo upande wa kidole kidogo. Kofi ya shati ifikie hapo au ipite kidogo, ikaribie pale kiganja kinapoanzia. Mkono wa koti uishie juu kidogo ya kofi, ili sentimita moja au moja na nusu ya shati ionekane. Kisha kunja kiwiko kama unayeangalia simu. Mkono wote utarudi nyuma, kwa sababu kiwiko kilichokunjwa kinakula urefu. Ukirudi sentimita mbili hakuna neno. Ukirudi hadi katikati ya kigasha, mkono ni mfupi, au ni mwembamba kiasi kwamba kitambaa kinang'ang'ania kiwiko badala ya kuteleza.

Kuna dalili moja wengi hawaijui. Simama kawaida, mikono ikining'inia, utazame mkono wa koti kutoka ubavuni. Ukiona mistari ya mshazari inayojizungusha kutoka begani kwenda kiwikoni, mkono umeshonwa kwa pembe isiyolingana na jinsi mkono wako unavyoning'inia. Watu wanaokaa mbele ya kompyuta siku nzima mara nyingi mikono yao huning'inia kuelekea mbele zaidi. Kurekebisha ni kufumua mkono na kuuzungusha kidogo. Kwa shati haifai gharama, kwa koti la bei kubwa inafaa.

Kuhusu kufupisha mkono, shati lenye kofi huvumilia kupunguzwa hadi sentimita tatu hivi, zaidi ya hapo mpasuko wa kofi unakuwa mfupi mno. Kurefusha shati haiwezekani. Kwenye koti, papasa ndani ya pindo la mkono usikie kitambaa kilichokunjwa kina upana gani, maana hicho ndicho akiba yako yote. Na kama vifungo vya mkono wa koti vina matundu ya kweli yanayofunguka, usinunue koti refu ukitegemea kulifupisha kwa chini. Matundu yatabaki yamekaa pembeni kabisa ya ukingo.

Kina cha suruali

Hapa ndipo panapoharibika mambo mengi, na hapa ndipo futi yako inapofanya kazi. Kina ni umbali kutoka makutano ya mishono ya msamba hadi juu ya mkanda wa suruali, ule ulioshonwa nayo kiunoni. Kuna kina cha mbele na kuna kina cha nyuma, na cha nyuma daima ni kirefu zaidi, kwa sababu kinapita juu ya makalio na kwa sababu mtu akikaa upande wa nyuma wa mwili unarefuka.

Nyumbani, kabla ya kwenda dukani, chukua suruali yako unayoipenda, ile ambayo ukiivaa huikumbuki mpaka jioni. Ilaze mezani. Weka mwanzo wa futi kwenye makutano ya msamba, fuata mshono wa mbele hadi juu ya mkanda, soma. Geuza, fuata mshono wa nyuma ulivyopinda, soma. Andika namba hizo mbili kwenye simu. Tuseme za mwalimu wetu ni 27 mbele na 38 nyuma. Namba hizo zina faida kubwa kuliko saizi ya lebo, na anaweza kupima suruali yoyote dukani kabla hata ya kuingia kujaribu.

Ukilinganisha, hakikisha suruali zote mbili zinakaa mahali pamoja kiunoni. Suruali ya kuvaliwa kitovuni itakuwa na kina kirefu kuliko ya kuvaliwa chini ya kitovu, na haimaanishi kuwa imekosewa.

Ukishaivaa, weka mkanda wa suruali mahali ulipokusudiwa na uuache. Kosa la kawaida ni kuivuta suruali juu ili miguu ionekane mizuri, au kuishusha ili msamba usibane. Ukifanya hivyo unaanza kuipima suruali nyingine kabisa. Tembea hatua kumi, simama, kisha tazama bila kuigusa.

Kina kikiwa kifupi, mbele utaona mistari inayotoka msambani na kufunguka kuelekea mapajani, mithili ya sharubu za paka. Mshono wa katikati unajichora mwilini, na nyuma unaingia ndani. Kikiwa kirefu mno, msamba unaning'inia chini ya mwili, kitambaa kinajikusanya mbele kama kifuko, na ukitembea mapaja yanavutana na suruali.

Ila usikimbilie kulaumu kina kila uonapo mistari. Mistari mifupi iliyolala kukatiza mapajani, bila kuanzia msambani, mara nyingi ni ya paja jembamba. Mikunjo iliyolala chini tu ya makalio, ukiwa umesimama wima, inaonyesha nyuma kuna kitambaa kingi kuliko makalio yaliyopo. Kuvutika kwa mifuko ya ubavuni, ikifunguka kama masikio, ni nyonga ndogo. Njia rahisi ya kuthibitisha ni hii: shusha suruali sentimita mbili kiunoni. Mistari ya msamba ikitoweka, tatizo ni kina. Ikibaki palepale, ni paja au nyonga, na saizi ya juu inaweza kulitatua.

Fundi anaweza nini hapa? Anaweza kuchimba kidogo mduara wa msamba, chini ya sentimita moja, na suruali ikapata nafuu. Anaweza kuingiza kipande cha kitambaa msambani, na kwenye suruali ya kazi ya shambani au ya mazoezi ni jambo zuri kabisa. Kwenye suruali ya ofisini kitaonekana. Kuongeza sentimita tatu za kina kwenye suruali ya kitambaa, hapana.

Geuza suruali ndani nje kabla ya kuamua. Suruali za kitambaa za wanaume, na baadhi za wanawake, huachiwa kitambaa cha akiba kwenye mshono wa nyuma. Ukikuta sentimita mbili na nusu kila upande, ukabakiza moja ya kushika mshono, unapata moja na nusu mara mbili, yaani kiuno kinaweza kuongezwa kama sentimita tatu. Akiba hiyo ni ya kiuno na makalio ya juu, haisaidii kina. Jinzi haina akiba hiyo kabisa. Mishono yake imekunjwa na kushonwa mara mbili, ukiifumua unakuta kingo tupu.

Kaa chini kweli

Kukaa kwa kugusa ukingo wa kiti halafu kusimama si jaribio. Kaa hadi nyuma ya kiti, magoti yakiwa yamekunjika sawasawa, na ubaki hapo dakika mbili. Chumba kikiwa hakina kiti, omba kigoda. Ni ombi la kawaida, na muuzaji anayejua kazi yake hatalishangaa.

Peleka mkono nyuma, kiunoni. Mkanda ukiwa umeshuka kidogo na kuacha nafasi ya vidole viwili, suruali ni nzima. Kiganja kizima kikiingia, na upepo unapita, kina cha nyuma ni kifupi: makalio yameuvuta mkanda chini kwa sababu hayakuwa na kitambaa cha kutosha. Wengi wanadhani hapo kiuno ni kikubwa na wanamwambia fundi akipunguze. Akipunguza, mkanda utabana tumboni na nyuma utaendelea kushuka. Kama nafasi ya nyuma ipo ukiwa umesimama pia, hapo ndipo kiuno ni kikubwa kweli, na hilo ni jambo jepesi.

Mbele, sikiliza tumbo. Mkanda unaochoma chini ya kitovu baada ya dakika mbili utakuwa mateso baada ya kipindi cha pili cha masomo. Tazama zipu: ikijipinda kama nyoka, mbele pamebana. Tazama vifungo vya shati kifuani na tumboni kwa ubavu, maana kwa mbele havionyeshi. Mwanya kati ya kifungo na kifungo huonekana na mtu aliyeketi kando yako.

Sketi na gauni vikaguliwe vikiwa vimekaa zaidi kuliko vikiwa vimesimama. Sketi iliyobana hupanda juu mara ukikaa, na inayogusa goti ukiwa umesimama inaweza kuishia katikati ya paja. Anayepanda bodaboda apanue miguu kama anayekaa nyuma ya dereva, hapohapo chumbani. Mpasuko wa sketi utaonyesha unafika wapi.

Kitambaa chenye uzi wa kuvutika kinahitaji tahadhari. Kinasamehe kila kitu siku ya kwanza, kisha kinalegea magotini na makalioni. Ukiwa umekaa, tazama magoti. Ukisimama na kukuta tayari yameacha vifuko, baada ya mwezi itakuwa mbaya zaidi. Pamba tupu ina tabia tofauti, inaweza kurudi kwa asilimia tatu hivi inapofuliwa mara ya kwanza. Kwenye mguu wenye urefu wa ndani wa sentimita 80 hiyo ni zaidi ya sentimita mbili, kwa hiyo ifue kwanza ndipo uikate.

Inama, chuchumaa, piga magoti

Miinamo ni mitatu na kila mmoja una swali lake. Dondosha funguo sakafuni, ziokote magoti yakiwa yamenyooka. Mwinamo huu unauliza kama shati ni refu: pindo lake linatakiwa lifike chini ya nusu ya makalio ndipo libaki limechomekwa. Kisha chuchumaa hadi chini kama unayefunga kamba za kiatu. Huu unauliza paja, goti na msamba, na kama utasikia nyuzi zinalia kwenye mshono wa nyuma, acha, usiendelee. Mwisho piga magoti na uinamie mbele. Kwa Mwislamu hili si zoezi la kubuni: rukuu na sijda zimo katika siku yake, na suruali inayoacha mgongo wazi kwenye sijda haimfai hata kama akisimama inampendeza. Fanya rukuu na sijda kamili chumbani, kisha upeleke mkono nyuma kugusa pindo la shati liko wapi. Sakafu ikiwa chafu, tandika kanga yako.

Mwalimu anaamua

Ameingia na suruali tatu. Ya kwanza imemkaa kiunoni kama ameshonewa, lakini futi inasoma 23 mbele na 33 nyuma. Akikaa, kiganja kizima kinaingia nyuma. Anaivua. Ya pili inasoma 27 na 37, inapita kukaa na kuchuchumaa, ila kiuno kimemzidi sentimita tatu hata akiwa amesimama, na miguu ni mirefu. Ya tatu ina 31 mbele. Msamba umeshuka, mbele kuna kifuko. Anachukua ya pili, iliyokuwa inaonekana mbaya zaidi kwenye kioo siku hiyo, kwa sababu makosa yake yote mawili ni ya kiuno na urefu. Fundi atatoa sentimita tatu kwenye mshono wa nyuma na kukata miguu. Kiuno kingezidi sentimita tano au sita ningemshauri aiache, kwa kuwa mifuko ya nyuma ingesogeleana hadi kukaribia kugusana.

Shati lilimpa kazi zaidi. La kati limekaa sawasawa begani, lakini kifuani vifungo vinaacha mwanya. Kubwa linafunga vizuri kifuani, mabega yanashuka sentimita mbili kila upande. Hapa wauzaji humwambia mteja achague kubwa, atapunguziwa. Mimi ningemwambia asichukue hata moja. Kifua hakiongezeki, na kutoa sentimita mbili begani ni kufumua mikono yote miwili kwa gharama inayoweza kukaribia bei ya shati. Aombe mtindo mwingine, wenye mikunjo ya kifuani iliyoshonwa chini ya kwapa, au wenye kitambaa laini kidogo, ajaribu tena saizi ya kati. Umbo la kifua kipana na mabega membamba ni la wanawake wengi, na ni mkato ndio unaolitosheleza, si saizi.

Akiwa bado amevaa suruali aliyoichagua na viatu vyake, abane kiuno kwa pini mbili nyuma na akunje mguu mmoja hadi urefu anaoutaka, au apige picha ya mbele na ya nyuma. Fundi akiona pini hahitaji kubahatisha.

Pasipo na chumba

Kariakoo, Gikomba na kwenye mabanda ya mitumba kwingine kote, chumba mara nyingi ni pazia la kanga lililofungwa kwenye nguzo, au hakipo. Vaa suruali laini ya kubana na fulana nyembamba kutoka nyumbani, uweze kuvaa nguo juu yake bila kuvua chochote. Bega, kwapa, kujikumbatia na kuinua mkono vyote vinapimika hivyo, na kuchuchumaa pia. Suruali ikivaliwa juu ya nyingine itabana kidogo zaidi, kwa hiyo kwenye kiuno na paja usiwe mkali. Futi ndiyo itakayosema kuhusu kina.

Kama hata hilo haliwezekani, laza nguo juu ya rundo, pima vitu vinne: upana wa bega kutoka mshono hadi mshono, kifua chini ya kwapa, kina cha mbele, kina cha nyuma. Linganisha na namba zako za nyumbani. Kwenye mtumba ongeza ukaguzi wa msamba kwa mwanga: nyoosha kitambaa cha hapo kwa mikono miwili kuelekea jua, na ukiona mwanga unapenya zaidi ya sehemu nyingine, mapaja ya mwenye nguo wa kwanza yameshaumaliza uzi. Suruali hiyo itapasuka msambani, mara nyingi siku utakayochuchumaa.